Lengo la Pipsi 60 Linanila: Niliweke Wapi?

*Ndugu mshauri,*

*Nafanya biashara ya fedha za kigeni kwenye jozi moja, chati ya dakika 15. Kikomo changu cha hasara ni pipsi 20 na lengo la faida ni pipsi 60, yaani moja kwa tatu. Nilifundishwa kwamba kwa uwiano huo nikishinda robo tu ya biashara zangu sipotezi. Nimefanya biashara 80 bila kusogeza kikomo wala lengo baada ya kuingia. 19 zimefika lengo, 61 zimepigwa kikomo, na akaunti inapungua. Kamisheni na mtelezo wa bei vinanikata kama pipsi 1.5 kwa kila biashara, mbali na spredi.*

*Kinachoniumiza ni kuona biashara nyingi zinaingia kwenye faida halafu zinarudi. Nilirudi kwenye chati nikahesabu. Kabla ya kupigwa kikomo, biashara 58 kati ya 80 zilifika faida ya pipsi 10, 46 zilifika 20, 38 zilifika 30, 31 zilifika 40 na 24 zilifika 50. Rafiki mmoja anasema nishushe lengo hadi moja kwa moja, yaani pipsi 20. Mwingine anasema nipandishe hadi moja kwa tano, kwa kuwa hapo nitahitaji kushinda mara chache zaidi. Nimsikilize nani?*

*Treda wa dakika 15*

Ndugu yangu,

Usimfuate yeyote kati yao kabla hujaisoma hesabu uliyoifanya mwenyewe. Treda wengi wanajua walishinda mara ngapi na walipoteza mara ngapi, basi. Wewe unajua kila biashara ilitembea umbali gani kabla ya kugeuka, na hicho ndicho kinachoamua lengo likae wapi.

Tuanze na ile robo uliyofundishwa. Kila uwiano una asilimia yake ya sare, yaani kiwango cha ushindi ambacho ukikifikia hupati faida wala hupati hasara. Asilimia 25 ni sare ya moja kwa tatu kwa mtu asiyelipa gharama yoyote. Wewe unalipa pipsi 1.5, kwa hiyo ushindi wako ni pipsi 58.5 badala ya 60, na hasara yako ni 21.5 badala ya 20. Gharama inakukata pande zote mbili. Ukiita umbali wa kikomo H, umbali wa lengo L na gharama G, sare halisi ni hii:

```
sare = (H + G) / (H + L)
```

Kwako inakuwa 21.5 gawanya kwa 80, sawa na asilimia 26.9. Katika biashara 80 ulihitaji ushindi 22, ukapata 19. Ukipiga hesabu ya pesa yenyewe, ushindi 19 wa pipsi 58.5 ni 1,111.5, na hasara 61 za pipsi 21.5 ni 1,311.5. Umepoteza pipsi 200. Kati ya hizo, 120 ni gharama tupu, na 80 zilizobaki zimetokana na mahali ulipoweka lengo.

Hapa kuna jambo la kuangalia kabla ya kuendelea. Kama pipsi zako zinahesabiwa kutoka bei halisi uliyoingilia, spredi, yaani tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, tayari imo ndani ya matokeo na usiiongeze tena kwenye G. Kama ulipima kwa macho kutoka mahali mshumaa ulipokuwa kwenye chati, basi spredi haimo na lazima uiongeze. Kuihesabu mara mbili kutakufanya uione mbinu yako mbovu kuliko ilivyo, na kuisahau kutafanya kinyume chake. Kwa maelezo uliyotoa nachukua kwamba umepima kutoka bei ya kuingilia.

Sasa tuje kwa rafiki anayetaka moja kwa tano. Anachosema kuhusu sare ni kweli. Lengo likiwa pipsi 100, sare inashuka hadi asilimia 17.9. Alichoacha kusema ni kwamba lengo linaposogea mbali, asilimia ya ushindi wako nayo inashuka, na inashuka kwa kiasi kinachojulikana. Chukua mtu anayeingia sokoni kwa kurusha sarafu, bila mbinu yoyote. Bei kwake haina upande inaoupendelea. Nafasi yake ya kufika lengo kabla ya kupigwa kikomo ni H gawanya kwa H + L. Kikomo 20 na lengo 20, anashinda nusu. Kikomo 20 na lengo 60, anashinda robo. Kikomo 20 na lengo 100, anashinda moja kati ya sita. Linganisha na kanuni ya sare hapo juu ukiondoa gharama, utaona ni namba zilezile. Ndiyo kusema mrusha sarafu akibadilisha uwiano usiku kucha hatapata chochote, atabaki palepale akilipa gharama.

Kwa hiyo uwiano peke yake haukupi kitu. Kinachokulipa ni pengo kati ya ushindi wako halisi na sare ya lengo hilo. Treda mwenye ushindi wa asilimia 40 anaweza kuwa anatajirika au anafilisika, na huwezi kujua mpaka umuulize lengo lake liko wapi.

Basi tuziweke namba zako kando ya sare zake. Safu ya mwisho ni wastani wa faida au hasara kwa kila biashara baada ya gharama, kwa pipsi. Inapatikana kwa kuzidisha ushindi na H + L, kisha kutoa H + G.

| Lengo | Zilizofika | Ushindi wako | Sare | Wastani kwa biashara |
|---|---|---|---|---|
| 10 | 58 | 72.5% | 71.7% | +0.25 |
| 20 | 46 | 57.5% | 53.8% | +1.5 |
| 30 | 38 | 47.5% | 43.0% | +2.25 |
| 40 | 31 | 38.8% | 35.8% | +1.75 |
| 50 | 24 | 30.0% | 30.7% | −0.5 |
| 60 | 19 | 23.8% | 26.9% | −2.5 |

Biashara ni zilezile 80, sehemu za kuingilia ni zilezile, kikomo ni kilekile. Kwa lengo la 60 umepoteza pipsi 200. Kwa lengo la 30 ungekuwa umepata 180. Mbinu yako ya kuingia ina makali, ila makali hayo hayafiki mbali kama ulivyotaka yafike.

Na tunaweza kuona yanapoishia. Angalia biashara zilizokwishafika pipsi fulani, kisha jiulize ngapi kati yake ziliendelea hadi hatua inayofuata, na mrusha sarafu angepata ngapi kutoka hapo hapo. Kutoka bei ya kuingilia hadi 20, zako ziliendelea asilimia 57.5, yeye 50. Kutoka 20 hadi 30, zako ni 38 kati ya 46, asilimia 82.6. Yeye akiwa na faida ya 20 mkononi yuko pipsi 40 kutoka kwenye kikomo na pipsi 10 kutoka kwenye lengo, kwa hiyo angefika mara 40 kati ya 50, asilimia 80. Bado uko mbele yake, ingawa kwa kidogo. Kutoka 30 hadi 40, zako ni 31 kati ya 38, asilimia 81.6, na yeye 83.3. Hapo umeshapitwa. Kutoka 40 hadi 60 ndiko unakoumia: zako 19 kati ya 31, asilimia 61.3, na yeye angepata asilimia 75.

Maana yake ni kwamba ishara unayoingilia inabashiri vizuri pipsi 30 za mwanzo hivi. Ukishapita hapo unashikilia biashara ambayo haina tena sababu ya kukupendelea, na ukikaribia 60 soko linakurudisha nyuma zaidi ya bahati ya kawaida. Sababu yake mara nyingi iko kwenye mwendo wa siku. Fungua chati ya siku, chukua tofauti ya bei ya juu na ya chini kwa siku 20 zilizopita, upate wastani. Tuseme ni pipsi 70, na wewe kwa kawaida unaingia jozi ikiwa imeshatembea 40. Unapodai 60 nyingine unaiomba siku hiyo iwe kubwa kuliko kawaida yake, na unaiomba hivyo kila siku.

Rafiki wa moja kwa tano anaangukia hapo hapo. Biashara zako zilifungwa zilipofika 60, kwa hiyo hujui zingeendelea vipi. Lakini ili lengo la 100 likutoe sare tu, biashara 15 kati ya hizo 19 zingepaswa kutembea pipsi 40 zaidi bila kurudi hadi kwenye kikomo. Mrusha sarafu angepata 12 au 13. Kwa jinsi zako zilivyolegea kati ya 40 na 60, sioni sababu ya kutegemea zizidi hapo.

Rafiki wa moja kwa moja yuko karibu na ukweli kuliko mwenzake, maana 20 inakulipa. Tatizo ni kwamba anakuambia ufunge wakati makali bado yapo, na pia unalipa gharama ileile kwa mwendo mfupi zaidi. Hilo la gharama lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tazama mstari wa 10: unashinda karibu mara tatu kati ya nne na hupati kitu cha maana, kwa sababu pipsi 1.5 inakula asilimia 15 ya kila ushindi.

Kwa hiyo lengo lako lianze kwenye 30, yaani moja kwa moja na nusu. Lakini usiishike hiyo 30 kama namba takatifu, na hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii. Biashara 80 ni chache. Ushindi wa asilimia 47.5 katika biashara 80 una kosa la kawaida la kama asilimia 5.6, na pengo lako juu ya sare ni 4.5 tu. Kwa lugha nyepesi, inawezekana kabisa ushindi wako wa kweli ni 43 na ulichokiona ni bahati. Ili pengo la 4.5 liwe mara mbili ya kosa lake unahitaji biashara karibu 490. Ndiyo maana ninachokiamini kwenye jedwali lile ni umbo lake kuliko kilele chake: wastani unapanda kutoka 10, unakaa juu kati ya 20 na 40, kisha unashuka hadi chini ya sifuri. Umbo laini la namna hiyo linaaminika zaidi kuliko namba moja inayochomoza peke yake. Kama jedwali lingeonyesha 30 inalipa sana huku 20 na 40 zote zinapoteza, ningekuambia usiiguse.

Njia ya kupata biashara nyingi zaidi bila kuhatarisha pesa ni kurudi nyuma kwenye chati na kutumia masharti yaleyale ya kuingia, mshumaa kwa mshumaa, bila kuruka siku mbaya. Kwenye jedwali la kompyuta weka safu nne: tarehe na saa, kununua au kuuza, umbali wa kikomo, na umbali wa mbali zaidi ambao bei ilifika upande wako kabla ya kupiga kikomo cha mwanzo. Safari hii usiishie 60. Fuatilia kila biashara mpaka ipigwe kikomo au mpaka saa unayofunga kazi, ili tujue na mwendo ulioko mbele ya lengo lako la sasa. Ile ya saa ya kufunga iwekee alama, kwa sababu matokeo yake si ushindi kamili wala hasara kamili. Andika pipsi ilizokuwa nazo saa hiyo na uzihesabu hivyo hivyo. Kama umbali uko safu ya D na una mistari 80, ushindi wa lengo la 30 unaupata hivi:

```
=COUNTIF(D2:D81,">=30")/COUNT(D2:D81)
```

Badilisha 30 kwa kila lengo unalotaka kulipima.

Kuna mahali pawili ambapo hesabu hii huharibika bila mtu kujua. Pa kwanza ni mshumaa mmoja uliogusa lengo na kikomo kwa pamoja. Chati ya dakika 15 haikuambii kipi kilitangulia. Shuka hadi chati ya dakika 1 uangalie, na ikishindikana hata huko, ihesabu kuwa hasara. Ukizipa zote ushindi, malengo ya karibu yatapendeza kwa uongo. Pa pili ni biashara za kuuza. Chati nyingi, ikiwemo ya MetaTrader kwa mpangilio wake wa kawaida, huchora bei ya Bid, yaani ile unayouzia, lakini biashara ya kuuza hufungwa kwa bei ya Ask, yaani ile unayonunulia. Ukiwa umeuza na mshumaa umegusa lengo lako barabara, biashara haijafungwa. Ask bado iko juu kwa ukubwa wa spredi. Kwa hiyo kwa kila biashara ya kuuza, toa spredi kwenye umbali uliouona chini. Kikomo nacho kinapigwa mapema kuliko chati inavyoonyesha, kwa sababu Ask inakifikia kabla mshumaa haujakigusa. Ukipima upya biashara zako za kuuza kwa namna hii na ukakuta zilizofika 30 zimepungua kutoka 38 hadi 34, sare ni ileile 43 lakini ushindi wako umekuwa 42.5, na faida yote imeyeyuka. Ndiyo maana nasema upime kwanza kabla ya kuongeza ukubwa wa loti.

Sasa kwenye matumizi ya kila siku. Lengo la 30 limetokana na wastani, na soko la leo lina vizuizi vyake. Kabla ya kuingia, angalia kama kuna kilele cha jana, bonde la jana au eneo ambalo bei iligeuka zaidi ya mara moja, likiwa kati ya bei yako na lengo. Tuseme kizuizi kiko pipsi 23 mbele. Weka lengo 20, pungufu kidogo ya kizuizi, kisha angalia jedwali: sare ni 53.8, rekodi yako ni 57.5, biashara inafaa. Kizuizi kikiwa pipsi 12 mbele, lengo linalobaki ni 10, na hapo rekodi yako inazidi sare kwa chini ya asilimia moja. Iache hiyo biashara ipite. Usivute lengo hadi 30 ng'ambo ya kizuizi ili uwiano upendeze kwenye daftari, kwa sababu bei haijui uwiano wako. Ongeza na safu ya tano kwenye jedwali lako, ukiandika kama kulikuwa na kizuizi ndani ya pipsi 30. Biashara zikishakuwa nyingi, yapige mahesabu ya makundi hayo mawili kila moja peke yake, maana huenda 47.5 yako ni mchanganyiko wa kundi zuri na kundi bovu.

Hila nyingine ya kupendezesha uwiano ni kukaza kikomo. Mtu anaacha lengo 30, anakata kikomo kutoka 20 hadi 10, anajiambia sasa ana moja kwa tatu. Sare yake kwa kanuni ile ni 11.5 gawanya kwa 40, asilimia 28.8, na inaonekana ni rahisi kuliko 43. Lakini jedwali lako haliwezi kukuambia ngapi kati ya zile 38 zilirudi nyuma pipsi 10 kwanza kabla ya kwenda kwenye faida. Zote hizo sasa ni hasara. Kama unataka kujua kikomo cha 10 kinafaa, pima upande wa pili pia: kwa kila biashara iliyofika 30, andika ilirudi nyuma kiasi gani kwanza. Zikibaki chini ya 23 kati ya 80 ambazo hazikurudi pipsi 10, kikomo cha 10 kinakutia hasara.

Pia kumbuka kwamba uwiano uleule hauna sare ileile kikomo kinapobadilika. Moja kwa moja na nusu kwa kikomo cha 20 ina sare ya 43. Kwa kikomo cha 10 na lengo la 15, sare inapanda hadi 46. Kwa kikomo cha 30 na lengo la 45, inashuka hadi 42. Gharama ni ileile 1.5, lakini inagawanywa kwenye mwendo tofauti. Anayebadilisha kikomo kila siku kulingana na hali ya soko apige kanuni ile upya kila mara; ni kazi ya sekunde chache.

Huenda utashawishika kufunga nusu kwenye 20 na kuacha nusu iende 40. Kwa namba zako, kikomo kikiachwa mahali pake, matokeo ni wastani wa mistari hiyo miwili: nusu ya 1.5 na nusu ya 1.75, sawa na 1.63 kwa biashara. Ni chini ya 2.25 ya lengo moja la 30. Inatuliza roho kwa kuwa unashinda kitu mara nyingi zaidi, na mwenye kuhitaji utulivu huo ajue tu kwamba anaulipia. Kusogeza kikomo hadi bei ya kuingilia baada ya pipsi 15 au 20 sikukubalii kabisa kwa sasa, kwa sababu rekodi yako haionyeshi ngapi kati ya zilizofika 30 zilirudi kugusa bei ya kuingilia kwanza. Ukitaka kuijaribu, iongezee safu yake na uipime.

Kuhusu kiasi cha kuhatarisha, lengo jipya linakupa nafuu moja ya kweli. Kwa ushindi wa 23.8, nafasi ya biashara 10 zozote mfululizo kuwa hasara tupu ni kama asilimia 6.6, na katika mamia ya biashara hilo litakukuta tu. Kwa ushindi wa 47.5, nafasi hiyo ni chini ya asilimia 0.2. Hata hivyo baki na kiwango kilekile cha hatari ulichokizoea, au kipunguze kwa nusu, mpaka biashara mpya 100 zipite kwa lengo la 30.

Zikifika 100, fanya jedwali upya kwa biashara hizo peke yake, bila kuzichanganya na 80 za mwanzo, kwa sababu zile ndizo zilizokuchagulia lengo na haziwezi kulithibitisha tena. Zikifika lengo 44 au zaidi, uko juu ya sare na unaendelea. Zikiwa kati ya 38 na 43, usiongeze kitu, ongeza biashara 100 nyingine kwa ukubwa uleule mdogo. Zikiwa chini ya 38, rudi kwenye akaunti ya majaribio na ukague masharti ya kuingia, maana hapo kuhamisha lengo hakutakusaidia.